Kadi ya asante ndani ya mzigo

Siku hizi ni nadra kufungua mzigo ulioagizwa kwa simu usikute kadi ndani yake. Imelazwa juu ya nguo au imechomekwa pembeni ya chupa, ina maua kwenye kona, ina neno ASANTE kwa mwandiko wa mapambo, na chini yake kuna maneno haya au ndugu zake: tupe nyota tano, tuma picha ya skrini, upate punguzo la asilimia 20. Mpokeaji anaitazama mara moja, anaiweka mezani, na kesho yake inafagiliwa pamoja na mifuko ya kufungia. Muuzaji anabaki kujiuliza kwa nini kadi mia tano zimemletea maoni matatu, na mawili kati ya hayo ni ya shemeji zake.

Kadi hiyo ina kasoro tatu. Inaomba mambo mengi kwa mkupuo. Inaomba maoni siku ambayo mteja bado hana la kusema. Tena inanunua sifa, na hili la kununua sifa ndilo linaloweza kukufungia duka, kwa hiyo tuanze nalo.

Google, ambayo ndiyo mahali wengi wanapotazama nyota za duka kabla ya kulitembelea, inakataza kumpa mtu pesa, punguzo au bidhaa ili aandike maoni, ayabadilishe au ayafute. Amazon ilipiga marufuku maoni ya kulipiwa kwa bidhaa mwezi Oktoba 2016, ikabakiza mpango wake yenyewe tu. Leo muuzaji wa huko anayeweka ndani ya kifurushi kadi ya kuomba maoni mazuri au kuahidi zawadi kwa ajili ya maoni anaweza kufungiwa akaunti. Hilo linawahusu moja kwa moja ndugu zetu wanaouza vikapu na vitenge kupitia Amazon wakiwa Ulaya na Marekani. Nchini Marekani kwenyewe, tangu Oktoba 2024, ni kosa mbele ya tume ya biashara ya shirikisho kumlipa mtu kwa sharti kwamba maoni yake yawe mazuri.

Kuna ujanja ambao wauzaji hufundishana wakidhani umelikwepa katazo hilo. Kadi inauliza: umefurahi? Kama ndiyo, skani hapa uende Google. Kama hapana, tuandikie sisi kwanza. Unaonekana utaratibu wa busara, lakini kanuni za Google zinaukataza kwa sababu unachuja: wenye furaha wanapelekwa uwanjani, wenye malalamiko wanabakizwa chumbani. Mlango wa malalamiko ni mzuri, na kila kadi inapaswa kuwa nao. Sharti ni kwamba mlango wa maoni nao uwe wazi kwa kila mteja, hata yule aliyekasirika.

Kanuni zote hizo zinatuachia njia moja iliyonyooka. Zawadi ifungwe kwenye oda inayofuata, na apewe yeyote atakayeagiza tena, awe ameandika maoni au hakuandika. Maoni yaombwe bure. Ukishavitenganisha hivi viwili, kazi ya kubuni kadi inakuwa rahisi.

Tuchukue duka la mfano ili tuone kadi ikitengenezwa. Ni fremu ndogo Sinza, Dar es Salaam, inayouza mafuta ya nywele yaliyochanganywa na mafuta ya nazi. Oda nyingi zinaingia kwa WhatsApp na Instagram. Wateja wa Dar wanapelekewa na bodaboda. Wa Mwanza, Mbeya na Dodoma mzigo wao unakwenda kwa basi kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi, nao wanaufuata kwenye ofisi ya basi. Kwa kuwa kuna fremu ambayo mteja anaweza kuingia, duka hili linastahili ukurasa wa biashara kwenye ramani ya Google. Anayeuzia nyumbani kwa mtandao tu, bila kukutana na wateja ana kwa ana, kwa kanuni za Google hastahili. Huyo aachane na nyota za Google, ategemee maoni ya WhatsApp na Instagram.

Sasa jiweke mahali pa mteja wa Mwanza. Amefungua boksi, amekuta chupa. Mafuta ya nywele hayatoi jibu siku hiyo. Yanahitaji wiki mbili au zaidi za kutumika. Ukimwomba maoni leo, ama atanyamaza, ama ataandika "nzuri sana" kwa adabu tu. Maoni ya namna hiyo hayamsaidii mnunuzi mwingine. Anachoweza kukuambia leo kwa uhakika ni kama mzigo umefika na kama chupa ni nzima. Basi kadi imwombe hicho tu.

Hapa ndipo kadi nyingi zinapokosea shabaha. Kadi haina uwezo wa kusubiri wiki mbili. Mteja akishaifunika na gazeti imekufa. Meseji ya WhatsApp inaweza kusubiri. Kwa hiyo kadi yetu ya Sinza ipewe kazi moja: kumfanya mteja atume meseji fupi kwamba amepokea mzigo. Mazungumzo yakishafunguka na yeye mwenyewe ndiye aliyeyaanza, baada ya wiki mbili muuzaji ana mahali pa kuulizia, na kiungo cha Google kitakwenda humo kikiwa cha kubonyeza tu.

Meseji hiyo ina faida nyingine ambayo wauzaji wengi hawaijui vizuri. Kwenye WhatsApp, ujumbe unaotumwa kwa orodha ya watu wengi kwa pamoja humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Stetasi nayo, kwa kawaida, inaonekana pale ambapo kila mmoja amehifadhi namba ya mwenzake. Muuzaji anaweza kupandisha picha za bidhaa mpya kila asubuhi, na mteja aliyenunua mwezi uliopita asione hata moja kwa kuwa namba ya duka haimo kwenye simu yake. Mteja akishatuma meseji, mjibu kwa jina lake, umshukuru, kisha umwambie ahifadhi namba aone mzigo mpya ukiingia.

Kiungo cha kufungulia mazungumzo hayo kinaandikwa hivi:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Nimepokea%20mzigo.%20Kadi%20A
```

Namba inaanza na 255 bila alama ya kujumlisha, na sifuri ya mwanzo inaondolewa. Kosa linalotokea mara kwa mara ni kuandika 25507 badala ya 2557. WhatsApp itajibu kwamba namba haipo, na kadi zako zote zitakuwa karatasi za kufungia maandazi. Alama ya %20 ni nafasi kati ya maneno. Mteja akiskani, WhatsApp inafunguka ikiwa tayari imeandikwa "Nimepokea mzigo. Kadi A", yeye anabonyeza kutuma. Herufi A inakuonyesha meseji imetoka kwenye toleo gani la kadi, na tutaihitaji mbele.

Kiungo hicho kinageuzwa kuwa msimbo wa QR. Tengeneza ule wa kudumu, ambao kiungo chenyewe kimo ndani ya vile viraba. Tovuti nyingi za bure hukutengenezea msimbo wa aina nyingine, unaopitia kwanza kwenye tovuti yao. Una faida ya kuweza kubadilishwa baadaye, lakini muda wa majaribio ukiisha wanaweza kuuzima mpaka ulipie, na wakati huo kadi ziko Mbeya tayari. Utautambua ukiuskani mwenyewe: kama simu inaonyesha anwani usiyoijua badala ya wa.me, umepewa wa kupitia kwao.

Ukubwa wake usipungue sentimita mbili kila upande, na kwa kadi hii ningeweka mbili na nusu. Kadiri kiungo kinavyokuwa kirefu ndivyo viraba vinavyozidi kuwa vingi na vidogo, ndiyo maana meseji ya kuandikiwa mteja iwe ya maneno machache. Uache weupe kuuzunguka pande zote, upana wa viraba vinne, kwa kuwa kamera inauhitaji ili ijue msimbo unaanzia wapi. Viraba viwe vyeusi au vya rangi nzito juu ya nyeupe. Rangi ya dhahabu inapendeza kwenye kadi za harusi. Kwenye msimbo inang'aa chini ya taa na simu ya bei nafuu haiusomi. Kabla ya kuchapa zote, chapa moja tu, kisha uijaribu jioni, ndani, kwa simu yenye kamera mbovu kuliko zote utakazoazima. Namba ya simu iandikwe pia kwa tarakimu kubwa pembeni, kwa ajili ya mwenye kitochi na yule ambaye hajawahi kuskani kitu.

Kuhusu karatasi sina mengi. Saizi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, inakaa vizuri mkononi na zinatoka nne kwenye karatasi moja ya A4, kwa hiyo mchapaji hatupi mabaki. Karatasi ya gramu 250 hadi 300 inatosha. Omba mandharinyuma yawe meupe mpaka ukingoni, kwa sababu mashine ya kukatia ikikosea milimita moja kwenye kadi yenye rangi, utaona mstari mweupe upande mmoja. Kwenye kadi nyeupe hakuna atakayegundua. Wachapaji wa Kariakoo watakushawishi uweke laminesheni pande zote mbili. Kataa upande wa nyuma. Peni haikamati kwenye laminesheni, na upande huo utauandika kwa mkono.

Maneno sasa. Nimesoma kadi nyingi zinazoanza na "Mpendwa mteja wetu mthaminiwa, kuridhika kwako ndiyo furaha yetu." Hakuna Mswahili anayemsemesha mwenzake hivyo dukani. Muuzaji huyuhuyu, mteja akiingia kwenye fremu, anamwambia "karibu dada, asante kwa kuja, ukifika nyumbani nijulishe." Hiyo ndiyo sauti ya kadi. Mbele ya kadi ya Sinza ningeandika hivi:

> Asante kwa kuagiza kwetu.
> Umefika salama? Skani hapa utujulishe.
> Chupa ikivuja au ukikuta kasoro yoyote, tuma picha kwa namba hiyohiyo, tutalishughulikia siku hiyohiyo.

Chini yake msimbo na namba. Basi. Kurasa za Instagram, Facebook na TikTok zikipangwa hapo chini zinamgawa mteja. Asiyejua aanzie wapi haanzi. Ahadi ya siku hiyohiyo isiandikwe kama huwezi kuitimiza. Chupa iliyovuja njiani ikifuatwa na siku tatu za ukimya ndiyo inayozaa nyota moja.

Nyuma kuna maneno mengine, yenye nafasi tatu za kujaza kwa peni:

> Dada/Kaka ______,
> chupa hii inatosha takriban miezi miwili.
> Ukiagiza nyingine kabla ya ______, tuma picha ya kadi hii, tutakuwekea sabuni ya nazi bure.
> Imefungwa na ______

Jina la mteja kwa mkono linamchukua mfungaji sekunde chache, na ndilo linaloifanya kadi isitupwe upesi. Tarehe nayo ina hesabu yake. Kadi nyingi husema "ofa ni ya siku 14", lakini katika siku 14 chupa yetu haijafika hata nusu. Mteja hana sababu ya kununua, na anapokuja kuwa nayo, ofa imeshakufa. Mzigo ulioondoka tarehe 3 Machi, mafuta yataisha mwanzoni mwa Mei, basi andika 31 Mei. Anayeuza magauni afuate siku anazozijua mwenyewe, kama Idi au kufunguliwa kwa shule.

Unaona kwamba zawadi ni sabuni, tena haikutajwa pamoja na maoni mahali popote. Kwa nini sabuni na si punguzo? Tuseme chupa inauzwa shilingi 18,000, na mafuta, chupa, lebo na mfuko vinagharimu 11,000. Faida ni 7,000. Asilimia 20 ya bei ni 3,600, yaani zaidi ya nusu ya faida yako imeondoka kwa neno moja lililonakiliwa kutoka kadi ya mtu mwingine. Kipande kidogo cha sabuni ambacho kukitengeneza kunakugharimu 700 kinamfurahisha mteja, kinamwonjesha bidhaa nyingine ya duka, na hakimzoeshi kusubiri bei ishuke.

Zimepita wiki mbili. Muuzaji anafungua WhatsApp na kuwaandikia wote waliotuma "Nimepokea mzigo". Wote, pamoja na yule wa chupa iliyovuja. Swali la jumla kama "unaonaje bidhaa yetu?" linaleta jibu la jumla. Swali zuri linamshika mteja mkono: "Dada, nywele zako ni za dawa au za asili? Mafuta yamezikaaje tangu uanze?" Anayejibu hivyo tayari ameshaandika maoni, hajijui tu. Hapo mwambie: "Wengi wanatuuliza swali hilohilo kabla ya kununua. Kama hutajali, yaandike hayohayo hapa, yawe mazuri au mabaya," kisha uweke kiungo cha Google, kile kinachopatikana kwenye ukurasa wako wa biashara sehemu ya kuomba maoni. Asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya siku chache, uishie hapo.

Wauzaji wengi wa kwetu hupandisha picha za skrini za meseji za wateja kwenye stetasi. Ni ushahidi mzuri, kwa kuwa maneno yanasomeka yalivyoandikwa. Lakini omba ruhusa kwanza na ufiche jina, namba na picha ya mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Hata bila sheria, mteja wa mafuta ya kuota nywele huenda hajamwambia mumewe kwamba nywele zinakatika.

Lililobaki ni kujua kama kadi inafanya kazi. Kuhesabu waliorudi na kadi mkononi hakutoshi, kwa sababu baadhi yao wangerudi hata bila kadi. Hao umewapa sabuni ya bure tu. Njia nyepesi ni kutumia namba za risiti. Katika mizigo 200 ijayo, ya wateja wapya, risiti yenye namba witiri iwekewe kadi, yenye namba shufwa isiwekewe. Mfungaji asichague, maana akichagua atawawekea kadi wale waliomchekea. Subiri siku 90, uhesabu waliorudi pande zote mbili.

Tuseme kati ya 100 wasio na kadi wamerudi 12, na kati ya 100 wenye kadi wamerudi 19, ambao 14 kati yao waliidai sabuni. Kadi imeleta oda saba za ziada, na hizo ni faida ya 49,000. Kuchapa kadi mia kwa shilingi 250 moja ni 25,000, na sabuni 14 ni 9,800. Zinabaki 14,200. Si nyingi, lakini ni halisi. Kama zawadi ingekuwa lile punguzo la asilimia 20, watu walewale 14 wangekula 50,400, na duka lingekuwa limepata hasara hata kabla ya kumlipa mchapaji, huku mwenye duka akiona wateja wanarudi na kuamini mambo ni mazuri.

Tofauti ya watu saba katika mia inaweza kuja kwa bahati pia. Rudia kwa mizigo 200 mingine kabla ya kuchapa maelfu. Na kabla ya kuirudia, angalia ni wapi palipovuja. Kama kadi zilikuwa 100 na meseji za "Kadi A" zilikuwa tano tu, mbele ya kadi hapasomeki, au msimbo hausomeki, au kadi zimefika zimelowa mafuta kwa sababu zilifungwa ndani ya mfuko mmoja na chupa. Ziweke nje ya mfuko huo, chini ya kifuniko cha boksi. Kama meseji zilikuwa 40 na maoni mawili, tatizo liko kwenye swali la wiki ya pili, kadi haina kosa. Rekebisha kitu kimoja, badilisha A iwe B kwenye kiungo, chapa mia nyingine.